Saa Nzima Si Yako

Simu ya binti yangu ilitetemeka juu ya sahani ya bati jikoni kabla hakujapambazuka. Ni sauti ndogo, kama nzi aliyenaswa chini ya kikombe, lakini mimi usingizi wangu siku hizi ni mwepesi. Niliamka nikaenda kuitazama. Mtu fulani, naye ameamka huko kwake, alikuwa amejiwekea miadi: Jumanne, saa tatu na nusu, "Huduma ya Msingi", dakika ishirini.

Sikuwaza kitu. Niliigeuza simu kifudifudi, nikawasha jiko.

Binti yangu anatunza miguu. Alisomea, ana cheti ukutani. Chumba chetu cha mbele ndicho kliniki yake: kiti kirefu cha kuegemea, taa yenye shingo ndefu, beseni, na mashine ya mvuke ya kutakasia mikasi na visu. Wagonjwa wanasubiri kwenye benchi barazani, na mimi ndiye ninayewafungulia mlango na kuwapa maji ya kunywa. Majirani wanamwita Daktari wa Vidole. Mwanzoni walikuwa wanamtania. Sasa wanaleta wazazi wao.

Zamani watu walipiga simu. Kisha akaweka ukurasa wa miadi, mtu anachagua mwenyewe huduma na saa, na ukurasa wenyewe unajua huduma hii inakula muda gani. Ukichagua dakika ishirini, unatengewa dakika ishirini, na kumi za kusafisha vifaa, basi. Anayefuata anaona nafasi yake inaanzia hapo. Kwa hiyo mmoja akikosea kuchagua, siku nzima inapinda.

Na walikuwa wanakosea kila siku. Aliandika huduma tatu kama alivyofundishwa chuoni: Msingi, Kamili, Maalumu. Nani atajua mguu wake ni wa msingi au ni maalumu? Watu walibonyeza ya kwanza kwa sababu ilikuwa ya kwanza, na ilikuwa fupi.

Yule wa Jumanne alikuwa mama mwenye duka la vitambaa. Nilimfungulia mimi. Alivaa viatu vya kufunika, akaniambia hana muda, dukani kamwacha mtu asiyejua bei. Alipoingia nilisikia binti yangu akimuuliza kuhusu kisukari, naye akijibu, "Ninacho, lakini hakinisumbui." Kucha zake zilikuwa nene. Mguu wa kulia peke yake ulikula dakika ishirini zote na zaidi. Wa kushoto ukakatwa kucha haraka haraka, na sugu iliyokuwa chini ya kidole gumba haikuguswa. Binti yangu alimwambia arudi wiki hiyo hiyo, achague muda mrefu. Mama wa vitambaa akasema sawa, akaondoka akichechemea kidogo. Hakurudi. Alikuwa na duka.

Wiki ya tatu mumewe alikuja kutuambia. Chini ya ile sugu kulikuwa na kidonda. Mkewe hakukisikia, maana miguu yake ilikuwa imeshakufa ganzi. Hospitali walikata kidole. Yule baba hakuja kulaumu, alikuja kuuliza atamnunulia mkewe viatu vya aina gani. Binti yangu alimchorea kiatu kwenye karatasi, kipana mbele, kisicho na mshono ndani, akamweleza taratibu kabisa. Alipoondoka, binti yangu aliingia chumba cha ndani akalala akiwa amevaa koti lake jeupe, na mimi nikaenda barazani kuwaambia waliokuwa kwenye benchi kwamba leo hakuna kazi.

Baada ya siku mbili aliniletea simu.

"Mama, niandikie wewe."

"Niandike nini? Mimi nimesoma darasa la saba."

"Ndiyo maana. Mimi nikiandika, ananielewa daktari mwenzangu. Wewe ukielewa, kila mtu ataelewa."

"Asante kwa kuniita mjinga."

Alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu siku ile. Kwa ajili ya kile kicheko ningeandika kitabu kizima.

Tulikaa mezani jioni tatu. Nilimwambia aondoe kwanza yale majina. Mtu anayekaa kitandani na simu mkononi hawezi kuiona huduma, anaiona miguu yake. Basi tumuulize kuhusu miguu. Yeye akanieleza kinachohitaji muda na kwa nini, mimi nikaandika kwa penseli, nikafuta, nikaandika. Mwishoni ikawa hivi:

"Tazama miguu yako kabla ya kuchagua. SAA NZIMA ni kwa anayekuja mara ya kwanza, mwenye kisukari, ambaye miguu inakufa ganzi, mwenye kidonda, hata kidogo, au mwenye kucha nene ambazo mkasi wa nyumbani hauzikati. DAKIKA ISHIRINI ni kwa aliyekwisha kuja, ambaye hana lolote kati ya hayo. Huna uhakika? Chagua saa nzima. Kama kidonda kinatoa usaha, au mguu umevimba na una joto, usisubiri miadi. Nenda hospitali leo."

Binti yangu alisema imekamilika. Mimi nikaona bado. Saa nzima zilikuwa mbili tu kwa siku, ya saa mbili na ya saa nne, na nilikuwa nimeona kwenye orodha ya miadi kwamba wapo watu wenye afya njema waliokuwa wakizichukua. Nikaongeza mstari wa mwisho:

"Kama umeshakuja na miguu yako ni mizima, saa nzima si yako. Mwachie anayeihitaji."

"Si kali kidogo hiyo, Mama?"

"Maneno laini watu hawayasomi. Wewe ulikuwa na maneno laini."

Aliusoma tena. Kisha akabonyeza, ikaingia.

Na ilifanya kazi, siwezi kusema uongo. Ndani ya wiki mbili wenye kisukari walikuwa wanaingia kwenye saa zao. Binti yangu aliacha kukimbia. Bibi mmoja alikuja na ufa wa kisigino uliokuwa umeanza kuoza pembeni, ukasafishwa, akapelekwa hospitali siku ile ile, mguu ukapona. Nilijivuna kimoyomoyo. Nilijiona nami nimeokoa mguu.

Sasa, kulikuwa na mzee tunayemwita Fundi Redio. Alitengeneza redio maisha yake yote, na hata sasa watu wanapozitupa yeye huziokota. Kila baada ya wiki mbili, Jumanne saa nne kamili, alikuwa kwenye benchi letu, shati limepigwa pasi, lakini mstari wa pasi umepinda, kazi ya mtu aliyejifunza kupiga pasi uzeeni. Mkewe alifariki mwaka uliopita. Nilikuwa nikimpa maji, naye akiniuliza, "Dada, magoti yako yanasemaje leo?" Hakuna mtu mwingine aliyeniuliza kuhusu magoti yangu. Kisha anaingia, mlango unafungwa, na mimi narudi kwenye mambo yangu.

Baada ya ule mstari wangu alikuja kwa dakika ishirini. Nilimkuta kwenye benchi ameshavua viatu, soksi amezikunja mfukoni.

"Fundi, mbona peku mapema?"

"Naokoa muda, dada. Miguu nimeiosha nyumbani pia."

Nilicheka. Nilidhani ni utani wake. Aliingia, akatoka baada ya dakika kumi na tano, akasimama barazani kidogo kama mtu aliyesahau mwavuli, akaenda zake. Magoti yangu hakuyauliza.

Hakuja tena. Ilipita Jumanne yake moja, ikapita ya pili. Nilidhani amesafiri kwa mwanawe. Ilipopita ya tatu nilimuuliza binti yangu tukiwa tunakunja mataulo.

"Fundi Redio yuko wapi?"

Alimaliza taulo lile, akaliweka juu ya mengine, akalinyoosha.

"Mama, miguu ya Fundi haina kitu. Haijawahi kuwa na kitu. Kucha zake ni dakika kumi."

"Sasa alikuwa anafanya nini humo saa nzima?"

"Nilikuwa namaliza kucha, halafu namwekea maji ya moto kwenye beseni. Anakaa. Mimi naandika kumbukumbu za wagonjwa pale pembeni. Siku nyingine anazungumza habari za mkewe, siku nyingine analala. Maji yakipoa namwongezea. Ikifika saa tano namfuta miguu, anaondoka."

"Ulijua anakuja kwa hilo?"

"Nilijua."

"Na nilipokuwa naandika ule mstari, mbona hukuniambia?"

Binti yangu alikaa kwenye kile kiti kirefu cha wagonjwa. "Yule mama alikuwa amekatwa kidole," alisema. "Sikuwa na nafasi moyoni ya mtu mwingine."

Sikumlaumu. Mstari ulikuwa wangu. Nilisema tuufute.

"Tukiufuta, saa ya saa nne ataichukua nani? Kesho asubuhi yuko mwenye kidonda hapo. Wiki ijayo pia."

"Basi tuandike huduma nyingine. Ya kukaa tu. Ya wanaotaka mtu."

"Utaiitaje, Mama?"

Nilichukua penseli. Niliandika, nikafuta, kama zile jioni tatu. Niliandika "Maji ya moto na mazungumzo." Nikaandika "Kwa anayetaka kupumzika." Nikajaribu kufikiri kama ningekuwa mimi, nimeamka alfajiri kwenye nyumba yenye kikombe kimoja, ningebonyeza lipi. Nisingebonyeza hata moja. Niliichana karatasi.

Siku iliyofuata nilivaa khanga zangu nzuri nikaenda kwake. Anakaa nyuma ya maduka ya vyuma, chumba na baraza. Nilipiga hodi mara mbili.

"Karibu, dada," alisema, akahangaika kutafuta pa kunikalisha. Viti vyote vilikuwa na redio. Alihamisha moja kubwa, akafuta kiti kwa mkono wa shati lake, kisha akakifuta tena. Meza ilijaa vipande, nyaya na skrubu ndani ya vifuniko vya chupa, kila saizi na kifuniko chake. Sahani moja ilikuwa imekaushwa na kusimamishwa ukutani.

"Magoti yako yamefika huku kote?"

"Yamelalamika, lakini yamefika."

Alicheka. Ndipo nilipotazama chini. Alikuwa amevaa ndala. Kidole gumba cha kulia kilifungwa kitambaa, na kitambaa kilikuwa na damu iliyokauka.

"Nini hicho, Fundi?"

"Hicho? Nilikata kucha mwenyewe. Macho hayaoni mbali wala karibu. Nilitumia koleo."

"Koleo la redio?"

"Ni zuri sana kwa nyaya," alisema.

Nilimwambia ukweli pale pale, kwa sababu ningeuchelewesha nisingeusema. Nilimwambia ule mstari niliuandika mimi, sio binti yangu, na kwamba sikuwa namfikiria yeye. Sikujua. Nilikuwa nafikiria watu tu, watu wowote.

Alitoa simu yake mfukoni. Maandishi aliyaweka makubwa sana kwa ajili ya macho, kiasi kwamba ukurasa wetu ulikuja vipande vipande. Alisogeza kwa kidole, polepole, mpaka ukafika mwisho. Kioo kizima kilikuwa na maneno manne tu, makubwa kama ya bango la dukani. *Saa nzima si yako.* Mengine yote yalikuwa juu au chini, hayaonekani.

Mezani kwetu, kwa penseli yangu, ule mstari ulikuwa mmoja kati ya mingi. Kwake ulikuwa peke yake.

"Niliusoma nikasema, huyu ni mimi," alisema. "Uliandika vizuri, dada. Sikuwa na cha kubisha."

"Nisamehe, Fundi."

"Hujakosea." Aliweka simu juu ya meza, akainyoosha iwe sawa na ukingo. "Yule mama wa vitambaa amepona?"

Nilishangaa. "Umemjuaje?"

"Habari ya kidole niliisikia mtaani. Lakini siku aliyokuja kwenu nilikuwa kwenye benchi. Wewe ulikuwa umenipa maji. Miadi yake ilikuwa kabla ya yangu. Alitoka anachechemea, na binti yako akachungulia nje ya mlango akaniona nimekaa, akatazama saa. Ilikuwa saa nne na dakika saba. Nilifurahi, unajua? Nilifurahi kwamba ametoka, zamu yangu imefika." Aliokota skrubu moja, akairudisha kwenye kifuniko chake. "Halafu nikaingia, nikatia miguu mizima kwenye maji ya moto. Saa nzima. Nililala hata usingizi."

Sikujua hilo. Miezi yote ile sikuwa nimeiweka miadi ile miwili pamoja kichwani. Binti yangu alikuwa ameiweka, nilielewa sasa. Ndiyo maana hakuninyang'anya penseli.

"Yeye mwenyewe alisema ana haraka," nilisema. "Alisema ana duka."

"Mtu mwenye ganzi hajui anachokitaka. Mimi nilikuwa najua. Ningesema tu, binti, mimi ni wa kukaa, endelea na huyu. Maneno saba, manane. Sikuyasema."

Nilitaka kumwambia kwamba si kosa lake, na nikaona kwamba ameshaambiwa hivyo na nafsi yake mara nyingi na haikusaidia. Kwa hiyo nikamwambia kuhusu viatu. Kwamba mumewe alimtafutia viatu vipana mbele mpaka akavipata, na kwamba yuko dukani, anatembea. Alisikiliza kwa makini, akauliza ni vya rangi gani. Nikamwambia vya kahawia.

"Kahawia ni nzuri," alisema.

Nilichemsha maji, nikafungua kile kitambaa, nikaosha kidonda kwa maji yaliyopoa na kukifunga upya kwa kitambaa safi nilichokuwa nacho mkobani. Hakikuwa kirefu, lakini pembeni palikuwa pameanza kuwa pekundu. Nilimwambia lazima binti yangu akione. Nikachukua simu yake, nikafungua ukurasa wetu, nikamsomea maneno yangu mwenyewe kwa sauti, kama mtu mgeni nayo. *Mwenye kidonda, hata kidogo.*

"Fundi, sasa ni yako. Saa nzima."

Alitazama kidole chake kwa muda.

"Nisingependa kuipata hivi," alisema.

Hata hivyo alibonyeza. Kidole chake kiligusa siku isiyo yake, nikamsaidia kurudi nyuma. Kesho, saa mbili, nafasi ilikuwepo. Ukurasa ukamshukuru kwa kuchagua.

"Kitapona baada ya wiki mbili hivi," alisema. "Kikipona, itakuwa si yangu tena."

Ningeweza kumwambia kwamba tutamwekea nafasi ya siri, na yeye angekaa kwenye maji ya moto akiutazama mlango, akimhesabu kila anayechechemea barazani. Asingeweza tena kulala humo. Kile alichokuwa nacho kilikuwa kimeshakwisha, na hakuna namna ya kukiandika upya.

Kwa hiyo nilikaa. Alinionyesha redio aliyokuwa akiitengeneza. Alinieleza kwa nini inakoroma, nikaelewa nusu. Akaniambia mkewe alikuwa akikata kucha zake yeye Fundi kila Jumapili, mguu wake mapajani, akimsema kwa kila kitu alichokosea wiki ile. Wiki njema zilikuwa na kucha zilizokatwa haraka. Nilicheka mpaka nikafuta macho. Yeye hakucheka, alikuwa anatazama mapaja yangu, sio mapaja yangu, mahali pale tu.

Jua lilipohama kutoka kwenye meza nilisimama, magoti yakalia.

"Muda umekwisha?" aliuliza haraka, naye akasimama. "Nimekuchelewesha. Kuna mtu anakusubiri?"

"Hakuna anayenisubiri, Fundi. Ni magoti tu."

Alinisindikiza mpaka mlangoni, ndala zikiburuza. Alishika fremu ya mlango, akatazama njia, akanitazama mimi.

"Dada," alisema, "Jumanne ile nyingine, kama hakuna mwenye shida kuliko mimi, utakuja tena?"